Kilele hakikurushwa, kilizama: maswali yenu kuhusu kaldera

Shikamoo mwalimu. Mlima ukilipuka si kilele ndo kinarushwa angani linabaki shimo? Sasa hii habari mliyotuambia, kwamba kilele kinazama na kuacha kaldera, mmeitoa wapi?

Marahaba. Tuchukue mlima mmoja ambao umechunguzwa mpaka basi, Mazama, uko Oregon kule Marekani. Ulikuwa na urefu wa kama mita 3,700 hivi, ukalipuka miaka 7,700 iliyopita, na leo pale pana bakuli la kilomita 8 kwa 10 lenye ziwa ndani, ziwa wanaliita Crater Lake, na bakuli kubwa namna hiyo ndo kaldera. Sasa kama kilele kilirushwa, vipande vyake lazima viwe vimelala mahali, si ndiyo? Huwezi kurusha kilomita za ujazo kadhaa wa mwamba halafu usione hata mabaki. Basi wanajiolojia wakaenda kuangalia, na aliyeifanya hesabu hiyo vizuri ni Howel Williams, kazi yake ilitoka 1942. Alichokuta ni kwamba ile mali yote iliyotapikwa kuzunguka mlima, karibu yote ni pumisi na majivu, yaani magma mpya, ule mwamba ulioyeyuka kutoka chini ya ardhi, iliyoganda hewani (pumisi ni lile jiwe jepesi lenye matundu mnalosugulia visigino). Vipande vya mwamba wa zamani, ule wa mlima wenyewe, vipo lakini ni sehemu ndogo tu, havitoshi kabisa kujaza shimo lililobaki. Kwa hiyo kilele hakikwenda juu wala pembeni, kimebaki njia moja tu, chini.

Na kuna ushahidi mwingine mimi ndo naupenda kuliko wote. Upande wa kaskazini kuna lava nzito inaitwa Cleetwood, ilitoka muda mfupi tu kabla ya mlipuko mkubwa. Mlima ulipozama, ile lava juu imeshaanza kukauka lakini ndani bado laini, ghafla ardhi iliyo nyuma yake haipo tena, basi ikageuka ikatiririka kurudi nyuma, ikashuka kwenye ukuta wa shimo jipya na kuganda hapohapo. Ukiwa kwenye boti ziwani unauona ule ulimi wa mwamba umening'inia ukutani. Lava inateremka kuelekea kule ilikotoka! Hiyo haitokei mpaka ardhi imeondoka chini yake.

Kwa hiyo chini kulikuwa na pango tupu, paa likaangukia humo?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Chemba ya magma, yaani pale magma inapokusanyika chini ya mlima, kwa Mazama sehemu yake ya juu ilikuwa kama kilomita 5 chini ya ardhi. Piga hesabu ya haraka, mwamba mita moja ya ujazo una tani 2 na nusu hivi, zidisha kwa mita 5,000, unapata tani zaidi ya 12,000 zimekaa juu ya kila mita moja ya mraba. Pango la upana wa kilomita kadhaa haliwezi kusimama chini ya mzigo huo hata dakika. Kinachobeba paa ni magma yenyewe, kwa presha yake. Halafu hata hiyo chemba msiiwaze kama tangi la maji, sehemu kubwa ni mchanganyiko wa magma na fuwele, mzito, na kuna mahali umeshaganda karibu wote.

Sasa magma ikianza kutoka kwa wingi presha inashuka. Mwanzoni presha ni kubwa kuliko uzito wa paa, ndo maana inasukuma kutoka. Inafika mahali imeshuka kiasi kwamba paa haliungwi mkono tena vya kutosha, linakatika pembeni na kuanza kushuka, ila linashuka kadiri magma inavyotoka, hakuna nafasi tupu inayosubiri. Fikiria mfuniko uliozidiwa kidogo na mdomo wa sufuria, ukiuweka juu ya uji unadidimia na uji unapanda pembeni. Na hapo ndo hatari inapoongezeka, manake paa likishuka linaikamua chemba, magma ambayo labda ingebaki kule chini nayo inasukumwa nje kupitia zile nyufa za pembeni.

Paa litakatika lini inategemea umbo. Chemba pana iliyo karibu na uso wa ardhi, paa lake ni jembamba kulinganisha na upana, linakatika mapema kabla hata magma nyingi haijatoka. Chemba nyembamba iliyo chini sana inabidi itoe nyingi kwanza, na mara nyingine mlipuko unaisha kabla paa halijafika hapo, hupati kaldera kabisa.

Kinaanza kipi sasa, mlipuko au kuzama?

Mlipuko. Na Mazama mtu anaweza kuusoma kwenye tabaka za mawe hatua kwa hatua.

Kwanza lilifunguka tundu moja. Magma ya juu kwenye chemba ilikuwa na maji mengi yaliyoyeyuka ndani yake, presha ilipopungua yale maji yakawa mapovu ya mvuke, magma ikapasuka vipande vipande na kupanda angani nguzo ya karibu kilomita 50. Pumisi ya hatua hii ilianguka zaidi upande wa kaskazini mashariki, upepo ulikuwa unaelekea huko, na majivu yake yamekutwa mpaka kwenye barafu ya Greenland. Halafu tundu likapanuka, nguzo ikawa nzito haiwezi kupanda tena, ikaporomoka na kuwa mkondo wa majivu na gesi moto unaoshuka mlimani kwa kasi. Mpaka hapo bado ni tundu moja, mlima bado umesimama.

Kisha paa likakatika. Tunajuaje? Mikondo iliyofuata ilitoka pande zote za mlima kwa pamoja, na ukiokota vile vipande vichache vya mwamba wa zamani vilivyobebwa humo unakuta vinatofautiana, vya upande huu vinafanana na ukuta wa upande huu, vya kule vinafanana na kule. Maana yake magma ilikuwa haitoki tena katikati, ilikuwa inatokea kwenye nyufa zilizozunguka kilele, kila sehemu ya ufa inang'oa mwamba wa jirani yake. Hiyo mikondo ilikimbia kwenye mabonde ya mito zaidi ya kilomita 50 kutoka mlimani.

Na kitu kizuri zaidi kipo kusini mashariki, sehemu inaitwa Pinnacles, mto umechimba lile tabaka na kuacha nguzo ndefu zilizochongoka. Chini zina rangi hafifu, karibu na waridi, juu zimegeuka kijivu kilichokolea, na hakuna mtu aliyepaka rangi. Magma nyepesi yenye silika nyingi ilikuwa juu ya chemba ikatoka kwanza, ile nzito ya chini ikatoka mwisho ikalala juu ya mwenzake. Yaani unaiangalia chemba yenyewe ila imepinduliwa kichwa chini. Jumla ilitoka kama kilomita 50 za ujazo za magma.

Inachukua muda gani? Dakika? Miaka?

Inategemea magma inatoka kwa kasi gani. Pinatubo kule Ufilipino mlipuko wenyewe mkubwa ulikuwa tarehe 15 Juni 1991, na mawingu yalipoondoka watu wakakuta kilele hakipo, pana kaldera ya kilomita 2 na nusu. Hiyo ndo haraka.

Upande wa pili kuna Bárðarbunga, Iceland. Mwezi Agosti 2014 magma ilianza kutoka chini ya mlima ikapita ndani ya ardhi kilomita zaidi ya 40 ikaenda kutokea pembeni kabisa, uwanda wa Holuhraun, kwa utulivu, lava inatiririka tu. Mlima wenyewe umefunikwa na barafu, kwa hiyo wanasayansi wakaweka kifaa cha GPS juu ya barafu katikati ya kaldera wakawa wanasoma jinsi kinavyoshuka. Kikashuka na kushuka mpaka Februari 2015 lava ilipokoma, jumla sakafu imeshuka kama mita 65, huku matetemeko yakipiga kwenye mzunguko wa kaldera, palepale paa lilipokuwa linasuguana na ukuta. Hakuna mlipuko wa kutisha uliotokea. Kinachotakiwa ni magma iondoke, haijalishi imeondokea juu au pembeni, ila ikiondoka kwa mlipuko mkubwa wa muda mfupi ndo unapata kitu kama Mazama.

Ngorongoro na Menengai ni hivihivi? Na Mlima Meru je, nao una shimo kubwa.

Ngorongoro na Menengai ndiyo, zote ni kaldera japo tumezoea kuziita kreta. Kreta kwa maana yake hasa ni tundu la kutokea, linajengwa na vitu vinavyotoka na kwa kawaida halifiki hata kilomita moja au mbili. Ukiona bakuli la kilomita 12 kwa 8 kama Menengai hapo juu ya Nakuru, jua hilo si tundu, hilo ni paa lililoshuka. Kuta zake bado ni kali na sakafu imejaa lava nyeusi iliyotoka baadaye. Ngorongoro ni mzee zaidi, imepita miaka milioni 2, kuta zimelainika na sakafu ya kilomita za mraba kama 260 imejaa udongo na nyasi, ndo maana wanyama wanashiba.

Meru ni kesi nyingine kabisa. Angalia umbo lake, ni kwato ya farasi, upande wa mashariki hakuna ukuta. Pale hakuna kilichozama, upande mzima wa mlima uliporomoka ukateleza kwenda mashariki, na vifusi vyake vimelala huko chini mpaka leo, maziwa ya Momella yamekaa kwenye vibonde vya vifusi hivyo. Kwa hiyo njia rahisi ya kutofautisha, ukikuta ukuta umezunguka pande zote tafuta tabaka za pumisi na majivu nje yake, ukikuta ukuta umefunguka upande mmoja nenda upande huo utafute vilima vya ovyo ovyo.

Paa likishashuka si ndo mwisho? Magma imeisha.

Haiishi. Mlipuko unatoa sehemu tu, na mara nyingi paa likitua vizuri linaziba njia, iliyobaki inabaki. Mazama baada ya kuzama iliendelea kutoa lava ndani ya shimo huku maji ya mvua na theluji yanajaa, kile kisiwa cha Wizard mnachokiona kwenye picha ni volkano ndogo iliyoota baada ya mlima kuzama, na ziwa sasa lina kina cha mita 594.

Kwa Menengai hata hamhitaji kwenda mbali. Kwenye visima vya mvuke walivyochimba ndani ya kaldera, baadhi vilipofika kama kilomita 2 chini, vipande vilivyoletwa juu na maji ya kuchimbia vilikuwa na kioo kibichi, maana yake kekee imegusa magma ikapozwa ghafla na yale maji ikawa kioo.