Ukikuta mkengeuko sanifu uliokisia si wenyewe, usifungue makundi

Katika jaribio moja la dawa ya presha nililokuwa mtakwimu wake, tulipanga watu 85 kila kundi. Tulitaka kuona tofauti ya milimita 5 za zebaki kati ya dawa na plasebo baada ya wiki 12, kwa nguvu ya asilimia 90, yaani uwezekano wa asilimia 90 wa kuigundua tofauti hiyo kama ipo. Mkengeuko sanifu wa badiliko la presha, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana, tuliukadiria kuwa 10, tukiutoa kwenye utafiti wa zamani. Hesabu ilikuwa hii, `n` ikiwa watu wa kila kundi, `s` mkengeuko, `d` tofauti tunayoitafuta, na 10.51 namba inayotokana na nguvu tuliyoichagua pamoja na hatari ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo:

```
n = 2 * 10.51 * s^2 / d^2
```

Angalia kwamba `s` iko kwenye mraba. Ikitoka 10 ikawa 13, watu wanaohitajika kila kundi wanaruka kutoka 85 hadi 143. Ukibaki na wale 85, nguvu inashuka hadi kama asilimia 71, na dawa inayofanya kazi inaweza kuonekana haifai kitu.

Kwa bahati itifaki yetu ilisema tangu mwanzo kwamba watu 80 wa kwanza wakimaliza wiki 12, tutaupima mkengeuko upya. Usipime mapema kuliko hapo kwa kukosa subira. Ukiwa na watu 20 tu na ukapata 13, thamani ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 10 na 19, kwa hiyo hujajua lolote. Kwa watu 80 wigo huo unabana, takriban 11 hadi 15.

Siku ya kupima, daktari mmoja wa timu aliniuliza, "Si ufungue tu makundi, uone na tofauti yenyewe?" Nilimkatalia. Mkengeuko unaweza kuupata kwa kuwachanganya watu wote 80 kwenye safu moja, bila kujua nani alipewa nini. Kwa njia hiyo hatari ya kuipitisha dawa isiyofanya kazi haiongezeki kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ukiiona tofauti kisha ukaamua kuongeza watu, hatari hiyo inaweza kupanda, na itakubidi utumie mbinu nyingine kabisa za uchambuzi. Isitoshe, wenzako wakiona sampuli inapanda wataanza kukisia kwamba dawa ni dhaifu. Mwongozo wa ICH E9 wa mwaka 1998, unaohusu takwimu za majaribio ya dawa, unataka ueleze hatua ulizochukua kulinda usiri wa nani alipewa nini, na mimi nadhani hapo ndipo pa kuwa mkali zaidi.

Kuchanganya kuna gharama yake ndogo. Kama dawa inafanya kazi, umbali kati ya makundi mawili unaingia ndani ya mkengeuko na kuukuza. Makundi yakilingana, mraba wa mkengeuko unaongezeka kwa takriban `d^2/4`, ambayo kwetu ni 6.25. Wapo wanaoitoa. Mimi huiacha, kwa sababu inaongeza watu wachache tu, na kuitoa ni kudhani kwamba dawa imefanya kazi kama ulivyotarajia.

Hesabu ya kwanza ilinipa mraba wa mkengeuko wa 220, yaani watu 185 kila kundi. Nilishtuka. Kabla ya kumwandikia yeyote nilichora nukta zote 80, na nukta moja ilikuwa imekaa peke yake juu kabisa. Fomu ya karatasi ilisema 127, kompyuta ilikuwa na 187. Thamani moja iliyo mbali na wastani kwa 60 inaongeza `60^2/80`, yaani 45 nzima, kwenye mraba. Baada ya kusahihisha tukabaki na 175, na watu 148 kila kundi. Kosa la tarakimu moja lilikuwa linatuomba watu 74 zaidi.

Hata hiyo 175 nilitaka kujua imetoka wapi. Utafiti wa zamani ulitumia wastani wa vipimo vitatu kila ziara, sisi tulipima mara moja. Hilo peke yake linatosha kupanua mkengeuko. Kwa hiyo, unapoazima namba, soma kwanza ilivyopimwa.

Itifaki ilikuwa pia na masharti mawili: hatushuki chini ya 85 hata mkengeuko ukiwa mdogo, na jumla haivuki 300. Ile 148 ilitupeleka 296, tukapita kwa nafasi ndogo. Bila kikomo kilichoandikwa mapema, mjadala na mfadhili ungefanyika wakati kila mtu ana hamu yake.

Kitu kilichokaribia kutuangusha ni kalenda. Matokeo yanachukua wiki 12, na usajili ulikuwa unakwenda mbio. Watu 80 walipomaliza, tulikuwa tumeshasajili 151, na tulibakiza wiki chache tu kufunga mlango. Kibali cha kamati ya maadili cha kuongeza watu kilifika tukiwa na 168 kati ya 170 tuliopanga mwanzo.