Kiinua mgongo Imarati: kinavyohesabiwa na kinavyopunjwa

Maswali haya yametoka kwa wasomaji walioajiriwa katika kampuni binafsi za Falme za Kiarabu. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, na kanda za fedha za DIFC ya Dubai na ADGM ya Abu Dhabi zina kanuni zao, kwa hiyo majibu haya yasichukuliwe kwa watu hao.

Nimefanya ulinzi Sharjah miaka 7 na miezi 4. Napokea dirham 2,800 kwa mwezi, na mkataba unasema besiki ni 1,500. Kampuni imeniandikia 7,000. Je, ni sahihi?

Si sahihi, umepunjwa dirham 1,750. Hesabu inaanzia kwenye mshahara wa msingi, yaani hiyo besiki ya 1,500. Posho ya nyumba, ya usafiri na ya chakula haziingii, hata kama zote zinashuka benki siku moja na mshahara. Gawanya 1,500 kwa siku 30 upate 50, ambayo ndiyo thamani ya siku yako moja.

Kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, sheria inakupa mshahara wa siku 21. Mara 50 ni 1,050 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ni 5,250. Kuanzia mwaka wa sita kila mwaka una siku 30, yaani besiki nzima ya mwezi, kwa hiyo miaka 2 iliyofuata ni 3,000. Ile miezi 4 iliyobaki haitupwi. Ni theluthi ya mwaka, nayo inakupa theluthi ya 1,500, ambayo ni 500. Jumla ni 8,750.

Sasa tazama 7,000 ilitoka wapi. Ukirudia hesabu hiyohiyo kwa besiki ya 1,200, unaipata bila kuzidi wala kupungua. Huenda uliajiriwa kwa 1,200, ukapandishwa baadaye, na mhasibu akachukua mkataba wa zamani. Sheria inataka besiki ya mwisho itumike kwa miaka yote, pamoja na ile ambayo ulikuwa ukilipwa kidogo. Wapeleke mkataba unaotumika sasa, ule uliosajiliwa MOHRE, yaani wizara ya kazi ya huko, na uombe wakuandikie upya hesabu ikionyesha besiki, idadi ya miaka na idadi ya siku. Karatasi yenye jumla tu haikusaidii kujua kosa liko wapi.

Kuna punjo nyingine ya aina hii inayotokea mara nyingi: kuhesabu siku 21 kwa miaka yote. Kwa mtu kama wewe ingetoka 7,700. Ukiona tarakimu inayokaribia hiyo, jua miaka iliyozidi mitano haikupewa haki yake.

Nimeandika barua ya kuacha kazi baada ya miaka 4. Meneja anasema kwa kuwa nimeacha mwenyewe nitapata theluthi mbili tu.

Meneja anasoma sheria iliyokwisha kufutwa. Zamani, chini ya sheria ya mwaka 1980, baadhi ya mikataba ilimkata aliyejiuzulu: theluthi moja akiwa na mwaka 1 hadi 3, theluthi mbili akiwa na miaka 3 hadi 5. Sheria namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, iliondoa makato hayo. Ukijiuzulu kwa utaratibu, unalipwa siku 21 kamili kwa kila mwaka, sawa na aliyeachishwa.

Mkanganyiko huu unakolezwa pia na majirani. Saudi Arabia bado inamkata anayejiuzulu: chini ya miaka 2 hapati kitu, miaka 2 hadi 5 anapata theluthi moja, 5 hadi 10 theluthi mbili, na akifika miaka 10 anapata chote. Basi rafiki yako aliyeko Riyadh akikusimulia yaliyomkuta, anasema kweli, lakini ni kweli ya huko.

Nina miezi 11 kazini na nimepata kazi bora. Nikiondoka sasa napata chochote?

Ukitoka leo, hupati kiinua mgongo hata kidogo, kwa sababu mlango wake unafunguka ukitimiza mwaka mmoja mfululizo. Lakini angalia kalenda kabla ya kukata tamaa. Kipindi cha notisi ni sehemu ya ajira, na mkataba unaendelea mpaka siku yake ya mwisho. Notisi haipungui siku 30. Ukiitoa sasa na kuitumikia kazini, huenda ukavuka mwaka kwa siku chache, na siku 21 zikawa zako. Miezi ya majaribio nayo inahesabiwa, madhali ulibaki kazini baada yake. Siku zisizohesabiwa ni za kutokuwepo bila malipo. Ulichukua likizo ya wiki 2 bila mshahara? Basi mwaka wako unasogea mbele kwa wiki 2.

Mkataba wangu wa miaka 2 umehuishwa mara mbili, sasa ni miaka 6. Ofisi inasema kila mkataba unajitegemea, kwa hiyo sitafika kwenye siku 30.

Kuhuisha mkataba kwa mwajiri yuleyule ni kuuendeleza, na muda wake unaunganishwa. Miaka yako ni 6: mitano kwa siku 21 na mmoja kwa siku 30. Kikomo kilichopo ni kwamba malipo yote yasizidi mshahara wa miaka 2, na hicho hakimgusi mtu kabla ya kupita miaka 25 kazini.

Wamenikata gharama za viza kwenye kiinua mgongo, na wananitaka nisaini karatasi kwanza ndipo walipe. Nifanye nini?

Usisaini. Karatasi ya kufuta viza kwa kawaida ina maneno kwamba umekwisha pokea haki zako zote, na sahihi yako ndiyo itakayotolewa mbele ya ofisa siku utakapolalamika. Saini baada ya fedha kuonekana benki au baada ya kuhesabu noti mkononi. Ukishinikizwa, omba nakala uisome kwanza, na kama hujui Kiarabu au Kiingereza tafuta wa kukufasiria.

Gharama za kukuajiri ni mzigo wa mwajiri, na sheria inamkataza kuzirudisha kwako kwa njia yoyote. Kinachoweza kukatwa ni deni linaloruhusiwa na sheria au lililoamuliwa na mahakama, kama mkopo uliokopeshwa na kampuni na hukuumaliza. Waulize kila kato linasimama juu ya karatasi gani.

Mwajiri ana siku 14 tangu mkataba kuisha kukulipa kiinua mgongo pamoja na mshahara wa mwisho na siku za likizo ulizobakiza. Zikipita, fungua malalamiko wizarani kupitia programu ya simu ya MOHRE, ukiambatisha mkataba, taarifa ya benki na hesabu yako mwenyewe iliyoandikwa hatua kwa hatua. Wizara yenyewe ina mamlaka ya kuamua madai yasiyozidi dirham 50,000, na viinua mgongo vya wengi wetu viko chini ya hapo. Muda wa kudai ni miaka 2 tangu kazi kuisha, lakini fungua ukiwa bado uko nchini, kwa sababu kufuatilia ukiwa Mombasa au Tanga kunahitaji kumwachia mtu uwakilishi wa kisheria.