Ugomvi wa kazini unaojirudia kichwani usiku

"Nimezozana na mwenzangu kazini. Nikizima taa tu, maneno yake yanarudi, na ndipo majibu mazuri ya kumpa yananijia. Nifanyeje nilale?"

Mkuu, kwanza acha kujikataza kuwaza. Ukijiambia "hili silifikirii tena", akili inabaki ikichungulia kama bado unalifikiria, na huko kuchungulia ndiko kunakolirudisha. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alilionyesha hilo mwaka 1987: aliwataka watu wasimuwaze dubu mweupe, na dubu akaendelea kuwajia.

Mimi nilisaidiwa na kalamu na karatasi, tena kabla ya kupanda kitandani. Mwenzangu alisema kikaoni, mbele ya bosi, "Takwimu zako nimezipata jana jioni." Usiku mimi nikawa nasikia "wewe mzembe". Nilipoyaandika maneno yake kama yalivyotoka, hilo la uzembe halikuwemo. Yakabaki mambo mawili ya kweli: takwimu nilizituma Jumatatu, na amelisema mbele za watu. Chini yake nikaandika nitakachomwambia asubuhi, tukiwa wawili tu: "Takwimu nilizituma Jumatatu. Zikichelewa kukufikia, nipigie kabla ya kikao." Basi. Ukiona unaandika ukurasa mzima, au umeanza kueleza "alichomaanisha", ujue ugomvi umehamia kwenye karatasi.

Angalia na swali unalojiuliza. "Kwa nini ananifanyia hivi?" halina jibu usiku wa manane, kwa hiyo litazunguka mpaka alfajiri. "Nitamwambia nini, wapi, saa ngapi?" lina jibu, na likishajibiwa linapoa.

Ukishalala wazo likirudi (na litarudi), usibishane nalo. Jibu langu lilikuwa "lipo kwenye karatasi", kisha napumua taratibu. Ukihisi zimepita kama dakika 20 na usingizi hauji, ondoka kitandani. Usitazame saa, kadiria tu. Kaa kwenye mwanga hafifu, soma kitu kisichokusisimua, urudi macho yakianza kuwa mazito. Ukizoea kugaagaa na hasira kitandani, mwili nao unazoea kuwa macho pale. Simu iache mbali, hasa ujumbe mlioandikiana naye. Kila ukiurudia unaona kejeli mpya, na jibu la saa nane usiku halifutiki kirahisi machoni pa watu.

Haya yote ni kwa ugomvi wa kawaida. Kama mtu anakudhalilisha kila wiki, karatasi ibadilishe kazi: andika tarehe, maneno aliyosema na nani alikuwepo, upeleke kwa msimamizi. Na usingizi ukikosekana usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, muone daktari. Ipo tiba ya mazungumzo na kupanga upya ratiba ya kulala, na ndiyo hutangulizwa kabla ya vidonge.

Ile karatasi ichane ukishaongea naye. Usije ukaisahau kwenye meza ya ofisini.