"Yote Hapo Juu" Haliwekewi Tiki kwa Mazoea

Dada mmoja wa Koboko ameniandikia kwamba ana mtihani wa maandishi wa kazi ya uuguzi, na shemeji yake amemshauri hivi: ukiona "yote yaliyo hapo juu", weka tiki usonge mbele. Nimecheka, kisha nikaudhika. Ushauri huohuo ulikuwa ukizunguka kwenye foleni siku nilipofanya mtihani wangu Arua, na waliokuwa wakiugawa kwa sauti kubwa hawakuitwa kwenye usaili. Mimi niliitwa. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba nilikuwa na mtu wangu ndani. Nilikuwa na penseli tu, na mazoea ya kuandika K ya kweli, U ya uongo au alama ya kuuliza kando ya kila chaguo kabla sijaligusa lile la mwisho.

Karatasi itakuja kwa Kiingereza, lakini tuseme swali ni hili: nini hupunguza maambukizi ya malaria? A, kulala ndani ya chandarua chenye dawa. B, kupuliza dawa ya mbu kwenye kuta za nyumba. C, kutia dawa ya kuua viluwiluwi kwenye maji yaliyotuama. D, yote hapo juu. A unaipa K bila kufikiri, na B pia. C labda hujawahi kuiona ikifanywa, kwa hiyo unaweka alama ya kuuliza. Basi, umemaliza. Jibu linalotakiwa ni moja, na tayari unazo kweli mbili. Kinachoweza kuzibeba zote mbili ni D peke yake. Ile C usiyoijua haikudai chochote.

Sasa badilisha B iwe "kuchemsha maji ya kunywa", na C iwe "kusugua sakafu kwa klorini". Malaria huletwa na mbu, haimo kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo B ni U. Hiyo U moja inaondoka na D pia, kwa sababu "yote" halisimami likiwa na uongo ndani yake. Unabaki na A na C, na kwa C usiyoijua, utachukua A uliyo na uhakika nayo. Shemeji angekuwa ameshaweka tiki kwenye D.

Lakini rudi usome swali lenyewe. Kanuni ya kweli mbili hufa mara unapokuta "kwanza" au "zaidi". Mama anavuja damu baada ya kujifungua: kuita msaada, kukanda mfuko wa uzazi na kudunga oksitosini, yote hufanyika. Swali likiuliza hatua ya kwanza, "yote" limejiondoa lenyewe, maana hatua tatu haziwezi zote kuwa ya kwanza. Hapa ndipo watu wenye uzoefu wa wodini huanguka, wanajibu kazi badala ya swali.

"Hakuna jibu hapo juu" lina masharti magumu zaidi. K moja tu inaliua, na ili ulichague lazima uwe umeweka U kila mahali. Kwenye hesabu za dawa, fanya hesabu huku umefunika majibu kwa kiganja. Mtoto wa kilo 14, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5. Anahitaji miligramu 210, na kila mililita ina 24, kwa hiyo ni mililita 8.75. Ondoa kiganja: A, 1.75. B, 42. C, 0.625. D, hakuna jibu hapo juu.

Usikimbilie D bado. Tafuta kila uongo umetoka wapi. 1.75 ni 210 gawa kwa 120, aliyesahau zile mililita 5. 42 ni 210 gawa kwa 5, aliyesahau nguvu ya dawa. 0.625 ni 15 gawa kwa 24, aliyesahau uzito wa mtoto. Vipotoshi vyote vitatu vimejulikana asili yake, sasa chagua D kwa amani. Kama mojawapo ingekuwa 8.8, hiyo ni 8.75 iliyokadiriwa, na D ingekufa.

Swali lenye "si" au "ha-" ndilo la kusoma taratibu, dada yangu, na usione haya kulisoma mara mbili. Nchi ipi haipakani na Uganda: Rwanda, Sudan Kusini, Tanzania, au hakuna kati ya hizo? Usiandike K na U hapo, utachanganyikiwa. Andika "inapakana" kando ya kila nchi inayopakana. Zote tatu zinapakana, kwa hiyo jibu ni "hakuna". Wangeweka Burundi mahali pa Rwanda, jibu lingekuwa Burundi.