Mhusika anachelewa kugeuka

Swali: "Kumwendesha mhusika wa mchezo wangu wa kompyuta nimeacha mchoro wa hali, sasa kila mara natafuta mkao wake unaofuata kwenye hifadhidata ya mijongeo iliyorekodiwa. Mbona nikimgeuza ghafla anaendelea mbele kwanza?"

Ndugu, kagua namba unazolinganisha. Kila fremu ya hifadhidata hubeba mahali na kasi ya nyayo, kasi ya nyonga, na njia ya mbele, tuseme fremu 20, 40 na 60 zijazo. Inayoshinda ni fremu yenye tofauti ndogo kabisa na mkao wa sasa pamoja na njia unayoitaka. Kasi ya nyayo hubadilika kwa namba kubwa kuliko mahali pake. Usipogawanya kila kipimo kwa mkengeuko wake sanifu, kasi huimeza njia, na fremu inayofuata kwenye klipu ileile hushinda mara nyingi. Rekebisha hilo kwanza, ndipo uongeze uzito wa njia kidogokidogo. Ukizidisha, mkao utaruka na miguu itateleza.

Pia, kama unatafuta kila baada ya fremu 10, lazimisha utafutaji mara tu mchezaji anapobadili mwelekeo.

Bado anachelewa? Onyesha kwenye skrini gharama ya fremu iliyoshinda, yaani ile tofauti yake. Ikipanda na kubaki juu kila anapogeuka, hifadhidata haina mgeuko huo. Hapo uzito hausaidii, rekodi migeuko ya nyuzi 90 na 180.