Ufunguo wa seva ukiibwa leo, mazungumzo ya jana yako salama?

Kwenye seva yangu ya majaribio nilirekodi trafiki ya TLS 1.2 kwa Wireshark, kisha nikaipa programu hiyo ufunguo wa siri wa seva, kama ambavyo mwizi angefanya. Vipindi vilivyotumia RSA kupeana ufunguo vilifunguka palepale, hadi nywila nilizoandika zikasomeka. Vilivyotumia ECDHE havikufunguka hata kimoja, ingawa ufunguo ulikuwa uleule.

Kwa njia ya RSA, kivinjari hubuni siri ya kipindi, huifunga kwa ufunguo wa umma wa seva na kuituma. Siri hiyo basi imo ndani ya rekodi. Anayerekodi hana haraka: siku akiupata ufunguo wa seva, hufungua yote aliyoyaweka.

Kwa ECDHE siri haitumwi kabisa. Hesabu ya Diffie-Hellman, ambayo ndiyo asili yake, inaonyesha jinsi hilo linavyowezekana. Chukua namba mbili zinazojulikana na wote, 5 na 23. Kivinjari kinachagua 7 kwa siri; 5 kwa kipeo cha 7, ukigawa kwa 23, inabaki 17. Seva inachagua 3, inabaki 10. Zinazopita njiani ni 17 na 10 tu. Kivinjari kinapandisha 10 kwa kipeo cha 7, seva inapandisha 17 kwa kipeo cha 3, na kila upande unapata baki ya 14. Namba halisi ni kubwa mno kiasi kwamba msikilizaji hawezi kurudi nyuma hadi 7 au 3, nazo hufutwa baada ya matumizi. Ufunguo wa kudumu wa seva kazi yake ni kutia saini tu, kuthibitisha kwamba 10 imetoka kwa seva yenyewe. Mwizi wake anaweza kujifanya seva kuanzia leo, kwa hiyo cheti kibatilishwe mara moja, lakini ya jana hayapati.

TLS 1.3, ya mwaka 2018, iliiondoa njia ya RSA. Tatizo ni seva zinazoendelea kukubali 1.2. Ijaribu yako:

```
openssl s_client -connect seva.mfano:443 -tls1_2 -cipher kRSA
```

Ikijibu `handshake failure`, vizuri. Ikikubali, ondoa RSA hiyo kwenye mipangilio.

Kisha angalia tiketi za kipindi, ambazo wengi wetu huzisahau. Katika 1.2, seva huifunga siri ya kipindi kwa ufunguo wa tiketi na kumkabidhi mteja, na tiketi hiyo hupita njiani ikionekana. Ufunguo wa tiketi ukikaa miezi kwenye diski kisha ukaibwa, rekodi zote za muda huo zinafunguka, ECDHE au la. Kama huna utaratibu wa kuubadilisha mara kwa mara, kwenye nginx zima kabisa kwa `ssl_session_tickets off;`. Wateja wanaorudi watafungua kipindi kwa kuchelewa kidogo tu.