Kunja Mara Tatu: Somo la Sehemu Lililoniharibikia Redioni

Kipindi kiliisha saa 10 na dakika 20 jioni. Kabla ya magharibi nyumba 27 zilikuwa zimeshanibipu, na 19 kati yake zilibipu laini ya pili, ile ya jibu lisilo sahihi. Swali lilikuwa moja tu: kati ya 1/3 na 1/4 ya kamba zenye urefu sawa, kipande kipi ni kirefu?

Nafundisha hisabati darasa la nne katika shule ya msingi iliyo kando ya ziwa, mkoani Kigoma. Msimu wa dagaa ukichanganya, sehemu ya darasa langu huhamia na wazazi kwenye kambi za uvuvi. Huko hakuna intaneti, lakini kuna redio, na karibu kila kibanda kina kitochi. Nilianza kuwatumia masomo kwa njia hiyo mwaka 2020, shule zilipofungwa nchi nzima mwezi Machi kwa sababu ya korona, na sijaacha. Somo hili la kamba ndilo lililonifunza kupanga, kwa hiyo nitalieleza lote.

Usiku ule nilidhani nimekutana na kosa tunalolijua sote walimu wa hisabati: mtoto anaona 4 ni kubwa kuliko 3, anahitimisha kwamba 1/4 ni kubwa kuliko 1/3. Nilikuwa tayari kurudia somo zima kesho yake. Kabla sijarudia nikapiga simu nyumba moja iliyokosea. Alipokea bibi.

"Shikamoo bibi. Ni mwalimu wa hisabati."

"Marahaba mwalimu. Mjukuu wako huyu hapa, kamba bado anayo mkononi."

Nikamwomba aweke sauti kubwa. Sikumwambia mtoto kwamba amekosea. Nilimwambia anieleze alivyokunja ile kamba ya theluthi.

"Nimekunja mara tatu, mwalimu, kama ulivyosema."

"Hesabu vipande."

Akahesabu taratibu, nikawa namsikia. "Vinane."

Nilikuwa nimesema redioni: "Sasa kunja kamba yako mara tatu." Darasani naitamka sentensi hiyo huku mikono yangu ikiwaonyesha watoto ninachomaanisha, na hakuna anayekosea. Redioni sauti ilikwenda bila mikono. Mtoto alikunja katikati, akakunja tena katikati, kisha tena. Mara tatu kweli, na kamba ikagawanyika vipande vinane. Kipande chake kilikuwa 1/8, na 1/8 ni fupi kuliko 1/4. Alichokiona kwa macho yake akakijibu sawasawa. Aliyekosea ni mimi.

Tangu siku hiyo napanga somo la redio kwa kuanzia mikononi mwa mtoto. Kwanza naandika swali moja la mwisho nitakalotuma kwa meseji. Kisha najiuliza mtoto ashike kitu gani ili jibu alione mwenyewe. Halafu ndipo naandika maneno, na kila agizo la kushika, kukunja au kuandika nalifuatishia hesabu ya kujikagua. Kipande kile cha theluthi sasa kinasomeka hivi kwenye karatasi yangu:

"Laza kamba ya pili chini, inyooke mbele yako. (Ngoma, sekunde 10.) Shika ncha ya mkono wa kulia, mkono unaolia ugali. Ipitishe upande wa juu, mbali nawe, uirudishe kushoto. (Sekunde 10.) Sasa shika ncha nyingine, ambayo bado hujaishika. Ipitishe upande wa chini, karibu nawe, uirudishe kulia. (Sekunde 10.) Kamba imelala kama herufi Z. Sogeza mpaka ncha ya juu ilingane na kona ya kushoto, na ncha ya chini ilingane na kona ya kulia. (Sekunde 25.) Hesabu mistari ya kamba. Ni mingapi? (Sekunde 5.) Ni mitatu. Kama huna mitatu, nyoosha kamba yako, tuanze tena pamoja."

Halafu narudia maagizo yote kwa maneno yaleyale. Ukibadilisha maneno wakati wa kurudia, mtoto anadhani ni kazi mpya.

Na sehemu yenyewe isomwe jinsi inavyoandikwa. Sisemi tu "moja ya tatu", kwa sababu mtoto anaweza kusikia "ya tatu" akafikiri namzungumzia wa tatu kwenye mstari. Nasema: "Theluthi moja. Andika moja. Chora mstari chini yake. Chini ya mstari andika tatu." Neno "asili", jina la ile namba ya chini, nalitaja baadaye, akiwa tayari ameiona ile tatu kwenye kamba.

Zile sekunde kwenye mabano sizikisii. Namtafuta mtoto wa darasa la nne ambaye hajasikia somo, namketisha chumbani na kamba zake, nami nakaa nyuma ya mlango na karatasi yangu. Mtu wa tatu anakaa naye na saa, bila kumsaidia. Nasoma, mtoto anafuata. Akiuliza "Nini?", sentensi hiyo naifuta naandika nyingine. Kujibu kwa mdomo huchukua sekunde 3 hadi 5, kuandika namba hadi 10, na kukunja au kupima kunaweza kufika 30. Kipindi cha dakika 20, ukitoa salamu na matangazo ya kituo, kinabaki na dakika kama 17, na vimya vikijumlishwa vinakula karibu theluthi yake. Mimi husoma maneno kama 100 kwa dakika. Kwa hiyo karatasi yangu haizidi maneno 1,100, na hayo ni machache kuliko unavyodhani. Jambo moja tu linatosha humo. Nilipowahi kuweka mawili, kulinganisha sehemu na kuzijumlisha, la pili halikumfikia mtu.

Vimya hivyo zungumza na kituo mapema. Mara ya kwanza nilirekodi kimya kitupu, na katikati ya sekunde 20 za kukunja kamba ukaingia muziki wa dansi. Nililalamika, fundi mitambo akanieleza vizuri: vituo vingi vina kifaa kinachosikiliza matangazo yao wenyewe, na kimya kikizidi sekunde kadhaa kinajua kuna hitilafu, kinaweka muziki. Siku hizi chini ya kila kimya naweka ngoma ya taratibu, na kengele ndogo mwishoni. Mtambo haushtuki, na mtoto anajua muda bado upo.

Meseji ya kuandaa inatoka usiku wa kuamkia kipindi, si asubuhi yake, kwa sababu kamba hutafutwa na simu huchajiwa usiku:

```
DARASA 4 HISABATI. Kesho saa 10 jioni redioni. Mtoto awe na kamba 3 zenye urefu sawa, daftari na kalamu. Mzazi: chaji simu leo usiku.
```

Hiyo ina alama 133 ukihesabu na nafasi. Meseji moja inabeba 160. Lakini kiwango hicho ni cha alama za kawaida tu. Ukiingiza hata alama moja isiyo kwenye orodha ya meseji, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka hadi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya alama 67, na kila kipande kinalipiwa kama meseji kamili. Walimu wa hisabati tunaumia zaidi, kwa sababu ×, ÷ na ½ zote haziko kwenye orodha hiyo. Ipo na nyingine inayojificha ndani ya Kiswahili chenyewe. Andika ng'ombe kwenye kompyuta, na programu mara nyingi itakupindishia kile kikoma cha juu kiwe ’. Niliwahi kunakili meseji ya alama 150 yenye ng’ombe mmoja, ikaenda vipande vitatu kwa kila mzazi, na salio likaisha katikati ya orodha. Sasa naandika moja kwa moja kwenye simu, natumia x, / na 1/2, na naangalia kile kihesabio cha herufi juu ya kioo: kikianguka ghafla, natafuta alama iliyoingia.

Meseji ya swali inatoka kipindi kikiisha tu, kamba zikiwa bado mkononi. Nimechagua kubipu kwa sababu hakumgharimu mzazi kitu. Kitochi changu kina laini mbili na kinanionyesha ni ipi iliyopigwa. Anayeona kipande cha 1/3 ndicho kirefu anabipu laini ya kwanza, anayeona 1/4 anabipu ya pili. Najua mtoto anaweza kubahatisha, majibu yakiwa mawili nusu yao watapata bila kujua lolote. Kwa hiyo bipu siichukui kama alama ya mtihani. Inanionyesha tu nimpigie nani kwanza.

Na kupiga simu usikuache. Shule zilipofungwa mwaka 2020, Botswana walijaribu kutuma maswali ya hisabati kwa meseji, na kwa familia nyingine wakaongeza simu ya mwalimu kila wiki. Waliopata simu pamoja na meseji walisonga mbele waziwazi, ila waliopata meseji peke yake hawakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Sikushangaa niliposikia. Bila yule mtoto kuhesabu hadi nane sikioni mwangu, ningerudia somo lilelile lenye kosa lilelile. Dakika 10 kwa mtoto zinatosha, nami huanza na waliokosea, kisha wawili watatu waliopatia, kwa sababu nao pengine wamebahatisha.

Saa ya kipindi nilichagua vibaya pia. Nilianza saa 3 asubuhi, ikaonekana ni saa nzuri ya masomo. Kumbe dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi hiyo watoto wako mchangani wanaanika. Nilihamia saa 10 jioni, dagaa wakiwa wameshaanuliwa. Somo zito naliweka siku za mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika na watu wazima wapo nyumbani kushika ncha ya pili ya kamba.

Wapo ambao redio haiwafikii kabisa. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, na vijiji vilivyolala chini ya kilima ufukweni vinapata vituo vya ng'ambo, Kongo na Burundi, kuliko chetu. Kabla ya kukata tamaa mwulize mzazi kama amechomeka waya wa masikioni. Kwenye vitochi vingi waya huo ndio antena ya redio, na ukishachomeka unaweza bado kuchagua spika ya nje watoto wote wasikie. Ikishindikana, nyumba hizo nazipigia na kuwasomea karatasi ileile kwenye simu, watoto watatu wanne wakiwa wamezunguka kitochi kimoja, na ngoma ya kimya naipiga mwenyewe mezani kwa vidole.